Jina Langu Katika Sikio la Pili

Vaa hedifoni. Sikio la kulia linasomewa habari moja, la kushoto habari nyingine kabisa, kwa wakati mmoja. Kazi yako ni kurudia kwa sauti kila neno la kulia, papo hapo, bila kusubiri sentensi iishe. Sasa swali: yale maneno ya kushoto yanakwenda wapi?

Swali hili liliwagombanisha wanasaikolojia wa Uingereza kwa miaka mingi, na mimi napenda ugomvi wenyewe kuliko jibu lake. Kinachonivutia ni jinsi walivyohangaika kutafuta njia ya kumuuliza mtu kuhusu jambo ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, hakulisikia. Kwetu waandishi wa habari, wenye kazi ya kuuliza, hilo si jambo dogo.

Aliyeanzisha kazi hiyo ya kurudia maneno ni Colin Cherry, mhandisi wa umeme wa London, katika makala yake ya 1953. Alitaka kujua inawezekanaje mtu afuate mazungumzo ya mmoja katika chumba kilichojaa makelele ya wengi. Watu wake walipomaliza kurudia, aliwauliza walisikia nini upande wa pili. Karibu hakuna. Walijua kulikuwa na mtu anaongea. Sauti ikibadilika kutoka ya mwanamume kwenda ya mwanamke, walitambua. Maneno yakikatizwa na mlio mtupu, walitambua. Lakini lugha ilipogeuzwa kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani, hawakuwa na habari.

Hapo ndipo Donald Broadbent alipojenga nadharia yake, iliyotoka katika kitabu cha 1958. Alikuwa amepitia jeshi la anga la Uingereza, na alifanya kazi Cambridge katika kitengo kilichoshughulikia matatizo ya namna hiyo, kwa mfano mwongoza ndege anayesikia marubani kadhaa kwenye spika moja. Broadbent alisema kuna chujio, na liko mapema njiani. Linapima umbo la nje la sauti tu: inatoka upande gani, ni nene au nyembamba, kubwa au ndogo. Sauti iliyochaguliwa inapita na kwenda kupewa maana. Nyingine inaishia pale pale, kama majani ya chai. Nadharia safi, na ililingana vizuri na matokeo ya Cherry.

Mwaka uliofuata Neville Moray, akiwa Oxford, akaitia doa. Kwanza aliithibitisha: neno likirudiwa hata mara 35 katika sikio lisilofuatwa, msikilizaji baadaye halikumbuki. Kisha akaweka jina la msikilizaji mwenyewe upande huo huo. Takriban theluthi ya watu walilisikia. Sasa, jina si umbo la sauti. Jina ni maana. Kama chujio lingekuwa mapema kama alivyodai Broadbent, lingejuaje kwamba hili ni jina langu na siyo neno lingine lolote?

Majibu yalikuja mawili. J. Anthony Deutsch na Diana Deutsch, mwaka 1963, walikata mzizi: hakuna chujio la mapema. Kila neno, la kulia na la kushoto, linatambuliwa mpaka maana yake. Uchaguzi unafanyika mwishoni, pale mwili unapoamua ujibu lipi na ukumbuke lipi. Jina lako ni muhimu kwako, kwa hiyo linashinda.

Anne Treisman alichukua njia ya katikati. Katika jaribio lake la 1960 alifanya ujanja huu. Mfano nautunga mwenyewe kwa Kiswahili. Sikio la kulia linaanza, "Mama alikwenda sokoni kununua..." halafu ghafla linaendelea na mambo ya treni. Wakati huo huo la kushoto, lililokuwa na mambo ya treni, linaingiza "...nyanya na vitunguu." Mara nyingine msikilizaji aliruka akalifuata neno moja au mawili ya upande uliokatazwa, kisha akarudi, mara nyingi bila hata kujua kwamba amevuka. Treisman akasema chujio lipo, na ni la mapema, ila halizibi. Linapunguza sauti tu. Neno la kawaida likipunguzwa hivyo halisikiki, bali jina lako, au neno ambalo sentensi inalisubiri, linahitaji msukumo mdogo sana ili liamke.

Angalia tatizo. Cherry na Moray walipokuwa wakitafuta maneno yaliyopotea, waliuliza baadaye. Anayeulizwa baadaye anapimwa kumbukumbu, siyo usikivu. Akina Deutsch wangeweza kusema kwa utulivu kabisa: maneno yote 35 yalieleweka, yakasahaulika palepale. Utawapinga vipi?

Treisman na Gina Geffen walipata njia mwaka 1967. Msikilizaji aliendelea kurudia maneno ya upande mmoja, lakini akipata neno fulani aliloambiwa mapema, kwa sikio lolote, agonge meza hapo hapo. Kugonga hakusubiri kumbukumbu. Na kama maneno yote yanafika kwenye maana, magongo yanapaswa kukaribiana pande zote mbili. Upande uliofuatwa walikamata asilimia 87. Upande wa pili, asilimia 8.

Ungedhani kesi imekwisha. Akina Deutsch wakakataa, na kwa maoni yangu walikuwa na haki: neno la upande uliofuatwa lilikuwa linarudiwa kwa mdomo pia, kwa hiyo lilikuwa tayari na uzito mara mbili. Mzani haukuwa sawa. Mwaka 1969 Treisman na Riley wakausawazisha: watu walirudia tarakimu, na wakisikia herufi popote, waache kurudia mara moja. Pengo lilipungua lakini halikufutika, asilimia 76 kwa 33. Herufi iliposomwa kwa sauti tofauti na tarakimu, karibu kila mara ilinaswa, upande wowote. Umbo la sauti linapita kirahisi, maana inapita kwa shida. Hapo mimi nilihamia kambi ya Treisman.

Lakini lile jina la Moray liliendelea kusumbua, maana lilitegemea watu wachache mno. Noelle Wood na Nelson Cowan walilirudia mwaka 1995 kwa uangalifu zaidi, na theluthi ikatoka tena. Safari hii hawakuishia kuuliza. Walichunguza jinsi watu walivyorudia maneno mara tu baada ya jina kutajwa. Waliosema wamelisikia walijikwaa: walichelewa, wakakosea. Wasiolisikia waliendelea kama kawaida, pasipo hata dalili ya mshtuko. Kwa wadai wa uchaguzi wa mwishoni hilo ni gumu kumeza. Kama jina lilieleweka kwa wote, mbona theluthi mbili hazikutetemeka hata kidogo?

Mwaka 2001 Conway, Cowan na Bunting waligawa watu kwa uwezo wao wa kushikilia mambo kichwani huku wakifanya kazi nyingine. Wenye uwezo mkubwa, asilimia 20 tu ndio walisikia jina lao. Wenye uwezo mdogo, asilimia 65. Kumbe kusikia jina lako katika kelele si lazima iwe sifa ya sikio kali. Huenda ni watu ambao umakini wao ulikuwa umeshateleza kwenda upande wa pili kwa nukta moja, wakakuta jina lao linapita. Ikiwa ndivyo, chujio halikuvuja. Msikilizaji ndiye aliyehama. Na hapo hata Broadbent, na chujio lake gumu, anaweza kudai kiti mezani tena.