Kitunguu saumu na dawa za virusi vya SIDA: kwa nini dawa inapunguka katika damu

Kasaji kama pengine Lualaba, mwenye kunywa dawa za ARV hakosi jirani wa kumshauri: tafuna kitunguu saumu kila asubuhi, ile njo inaongeza nguvu. Kipande kinachopikwa katika mboga hakina shida. Maneno iko juu ya kile kinachonywewa kama dawa, kila siku, kwa wingi: vidonge, unga, chupa za wauzaji.

Watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya huko Marekani walitoa matokeo yao kuanzia mwisho wa mwaka 2001. Waliwapa watu wachache wenye afya sakwinavir, dawa ya ARV ya wakati ule, wakapima damu yao. Kisha wakaongeza vidonge vya kitunguu saumu mara mbili kwa siku, karibu wiki tatu. Dawa katika damu ilishuka kwa 51%. Waliacha kitunguu siku 10, lakini kiasi kilirudi tu hadi 60 au 70% ya mwanzo.

Sababu ni hii. Utumbo na ini vina vimeng'enya vinavyovunja dawa, na utumbo una pampu zinazoirudisha nje kabla haijafika katika damu. Mimea fulani inaamsha mashine hizo, mwili unatengeneza nyingi zaidi. Ndiyo maana kuacha jana hakutoshi leo: zinapungua polepole. Virusi vikikuta dawa kidogo, vinazaana na kujifunza kuishinda.

Sakwinavir haitolewi tena kwa kawaida. Kidonge cha siku hizi kina dolutegravir, nayo inavunjwa zaidi kwa njia nyingine, kwa hiyo ile 51% si yake. Lakini haiko salama kwa kila kitu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inaishusha sana, ndiyo maana mgonjwa wa kifua kikuu anapewa dolutegravir mara mbili kwa siku. Milepertui, mmea wa Ulaya unaouzwa kwa huzuni, unafanya kazi ya namna hiyo.

Kuna mtego mwingine ambao watu wengi hawaufikirii: vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma, na vya kalsiamu. Tuseme mama mjamzito anameza chuma pamoja na dolutegravir asubuhi, tumbo tupu. Chuma kinaishika dawa tumboni, karibu nusu haiingii. Akivimeza vyote viwili pamoja na chakula, shida inaisha. Kama hana chakula, dolutegravir itangulie saa mbili, au ingojee saa sita baada ya chuma. Dawa za kiungulia zenye magnesi au aluminiamu ni ngumu zaidi: hata chakula hakisaidii, lazima zile saa.

Mwili hautoi alama mapema. Mtu anajisikia vizuri tu. Kinachoonyesha ni kipimo cha wingi wa virusi: kikipita 1000 kwa mililita, muuguzi atauliza kwanza kama vidonge vinamezwa kila siku. Hapo mgonjwa ataje pia chupa ya sokoni, hata ailete. Kinachosimamishwa ni ile chupa, si ARV.