Tezi mbili zinazomuua mama pweza

Mwaka 1977 mtafiti Jerome Wodinsky wa Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, alichapisha katika jarida la Science taarifa fupi ambayo wataalamu wa viumbe wa baharini hawajaacha kuizungumzia hadi leo. Alichukua pweza majike wa Bahari ya Karibi waliokwisha kutaga na kuanza kuatamia, akawapasua, akawatoa tezi mbili ndogo zilizo nyuma ya macho, kisha akawarudisha majini.

Kwa kawaida pweza jike akishataga hupunguza kula, baadaye huacha kabisa, na watoto wakitoka mayaini naye hufa. Hawa waliopasuliwa waliyatelekeza mayai, wakarudi kuwinda, wakaongezeka mwili na wakaishi muda mrefu sana kupita wenzao. Ikadhihirika kwamba mama pweza hafi kwa sababu amechoka kulea. Kuna kitu ndani ya mwili wake kinachomuua, na ukikiondoa anapona.

Swali la kwa nini mama pweza hufa lilikuwa limesubiri jibu zaidi ya miaka 2,300. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyechunguza sana viumbe wa baharini kwenye kisiwa cha Lesbos, aliandika kwamba pweza ni nadra kumaliza miaka miwili. Alieleza pia kwamba jike akishazaa huwa kama amepumbaa: mawimbi humrusha huku na huku asijitambue, na mtu anaweza kuzamia akamshika kwa mkono. Aliona vilevile kwamba pweza hujigeuza rangi akafanana na mawe yaliyo karibu naye, awe anawinda au ameshtuka. Lakini kuhusu akili hakumpa alama nzuri. Alimwita mjinga, kwa kuwa ukiingiza mkono majini pweza huja kuugusa.

Hukumu hiyo ilitenguliwa Italia. Jijini Napoli kuna kituo cha utafiti wa bahari kilichoanzishwa mwaka 1872 na Mjerumani Anton Dohrn, na pweza wa ghuba ya hapo walipatikana kwa urahisi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mwingereza J.Z. Young alikwenda huko na mwenzake Brian Boycott. Young alikuwa tayari na jina. Katika miaka ya 1930 aligundua kwamba ngisi ana uzi wa neva mnene kiasi cha kuonekana kwa macho, na ugunduzi huo ndio uliowawezesha wengine kupima jinsi neva inavyopitisha umeme. Sasa alitaka kujua kumbukumbu hukaa wapi, na akamchagua pweza.

Jaribio lao lilikuwa jepesi kulieleza. Pweza aliwekwa kwenye tangi, akajengewa kijumba cha matofali upande mmoja. Upande wa pili waliteremsha kaa. Kaa akija peke yake, pweza alimrukia na kumla bila taabu. Kaa akija pamoja na kibao cheupe cha pembe nne, pweza aliyethubutu kumfuata alipigwa shoti ndogo ya umeme. Baada ya kuumia mara chache alielewa. Kaa mwenye kibao alimtazama kwa mbali tu, asiye na kibao alimfuata kama kawaida.

Kisha Boycott na Young wakakata sehemu moja ya juu ya ubongo na kurudia zoezi lile lile. Pweza aliendelea kuona, kutembea na kuwinda vizuri. Akijaribiwa kila baada ya dakika chache, aliweza kujifunza tena kumwepuka kaa mwenye kibao. Lakini majaribio yakiachana kwa muda mrefu, alisahau na kumvamia tena kaa yule yule. Hivyo ikajulikana kwamba mnyama huyu asiye na mfupa hata mmoja ana sehemu maalumu ya ubongo ya kutunza kumbukumbu. Leo inakadiriwa kwamba ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili ya hizo haziko kichwani bali kwenye minyiriri, ambayo hupapasa, huonja na kuamua mambo mengi bila kungoja amri.

Sehemu ya mtandao huo wa neva ina kazi ya kujificha. Ngozi ya pweza, ngisi na dome imejaa vifuko vidogo vya rangi, na kila kifuko kimezungukwa na misuli inayopokea amri moja kwa moja kutoka kwenye ubongo. Misuli ikivuta, kifuko hutanuka na rangi yake huonekana. Ikilegea, kifuko hunywea na rangi hupotea. Chini ya vifuko hivyo kuna tabaka nyingine zinazorudisha mwanga, na pweza huweza pia kuinua vinundu vya ngozi ili mwili uwe na mikwaruzo kama ya mwamba. Kwa kuwa neva ndizo zinazoamuru, mabadiliko hayo hayachukui hata sekunde moja, wakati kinyonga huhitaji muda mrefu zaidi. La ajabu ni kwamba jicho la pweza lina aina moja tu ya kipokezi cha mwanga, kwa hiyo kwa vipimo vyote tunavyovijua haoni rangi. Anafanana na kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukiona kama tunavyokiona sisi.

Wakati Young akiwa bado anachunguza kumbukumbu, Martin Wells na mkewe Joyce, nao wakifanya kazi Napoli, waligundua jambo jingine lililoingia kwenye historia hii kwa mlango wa nyuma. Walipokata mishipa fulani ya neva kichwani, tezi mbili zilizo kwenye shina la jicho zilivimba, na pweza wachanga wakapevuka kabla ya wakati. Walipochapisha matokeo hayo mwaka 1959 walieleza kwamba ubongo huzizuia tezi hizo zisifanye kazi mpaka umri wa kuzaa ufike. Kizuizi kikiondoka, tezi huamka, homoni hutiririka na mwili huanza kutengeneza mayai au mbegu.

Ukiunganisha kazi hiyo na ile ya Wodinsky unapata mkasa mzima. Tezi zile zile zinazompa pweza uwezo wa kuzaa ndizo zinazomfunga kinywa na kummaliza. Dume naye anazo, na naye hafiki mbali baada ya kupandana.

Ilibaki kujua tezi hizo zinatoa nini hasa. Kazi hiyo ilifanywa Chuo Kikuu cha Chicago na Z. Yan Wang pamoja na Clifton Ragsdale, waliochapisha matokeo mwaka 2018 na kuyaendeleza mwaka 2022. Walifuatilia pweza majike wa California hatua kwa hatua. Kwanza mama huatamia huku akila kaa anayepita karibu. Siku chache baadaye hugoma kula. Mwishoni hupauka, macho hudidimia na misuli hulegea, na baadhi ya waliofugwa kwenye matangi walijisugua kwenye changarawe hadi wakatoka vidonda, au wakatafuna ncha za minyiriri yao wenyewe. Tezi zilipochunguzwa zilionekana zimebadilisha namna zinavyoshughulikia kolesteroli. Mojawapo ya kemikali zilizopanda ni ile ambayo kwa binadamu huwa nyingi mno katika ugonjwa mmoja wa kurithi, na wagonjwa wake wakati mwingine hujiumiza wenyewe.

Basi tunajua namna anavyokufa. Kwa nini maumbile yaruhusu mnyama mwenye akili kiasi hicho aishi muda mfupi namna hiyo, hilo ni swali jingine, na jibu linalokubalika zaidi linarudi kwenye gamba. Mababu wa pweza na ngisi walikuwa na gamba gumu la nje. Jamaa yao mmoja, nautilasi, bado analo: hukua polepole, huzaa mara nyingi na huweza kufikisha miaka 20 hivi. Waliovua gamba walipata wepesi wa kukimbia na kupenya kwenye nyufa, lakini wakawa mnofu mtupu kwa kila samaki mwenye meno. Walionusurika ni wale waliojua kujificha, kudanganya na kukumbuka.

Hata hivyo mnyama anayewindwa na kila kiumbe hana hakika ya kesho. Mwingereza Peter Medawar alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba katika hali hiyo uteuzi wa asili hauna la kufanya na uzee, kwa kuwa wachache mno huufikia. Anayefaulu ni yule anayekua haraka, akazaa watoto wengi kwa mara moja, na mwili wake baada ya hapo hauna thamani kwa kizazi kijacho. Akili na maisha mafupi ya pweza, kwa maelezo haya, ni matokeo mawili ya kupoteza gamba lile lile.

Kanuni hiyo ina mipaka yake. Kwenye korongo la bahari la Monterey, California, mita 1,400 hivi chini ya maji, kikundi cha Bruce Robison kilimkuta mwaka 2007 pweza jike ameshikilia mayai yake kwenye ukuta wa mwamba. Walimrudia mara kwa mara hadi mwaka 2011. Alikuwa pale pale, akipauka na kukonda, na hawakumwona akila hata mara moja, hata aliposogezewa vipande vya kaa. Aliatamia kwa miezi 53. Baridi ya kilindini ilikuwa imerefusha kila hatua, lakini mwisho haukubadilika: mara ya mwisho walikuta maganda ya mayai yaliyopasuka, na mama hayupo.

Pweza wa miamba yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, anaishi kwenye maji yenye joto na hamalizi muda mrefu zaidi ya mwaka mmoja na ushei. Ndiyo maana utaratibu wa kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache, ulioanza Andavadoaka nchini Madagaska mwaka 2004 na baadaye kufuatwa na vijiji vya Pemba kama Kisiwa Panza, unaleta faida ya haraka. Kwa samaki anayeishi miaka 20, miezi mitatu ni kitu kidogo. Kwa pweza ni sehemu kubwa ya umri wake, na ndani yake uzito huongezeka mara kadhaa.

Kwa mvuvi anayeshuka mwambani maji yakitoka, jambo moja linafuata kutoka kwenye historia hii. Pweza aliyepauka, aliyejifungia shimoni kwa mawe na hatoki hata akichokozwa, huenda ana mayai yaliyoning'inia kwenye dari la shimo, naye huyasafisha na kuyapulizia maji usiku na mchana. Hatazaa tena, na nyama yake imeshaisha. Ukimchukua unapata kitoweo kidogo na unapoteza maelfu ya watoto. Mpite, utafute mwingine.