Ughaibuni: Bei zikiwa juu kwa asilimia fulani, mshahara uongezeke kiasi gani?

MAKUBALIANO yaliyotiwa saini na Kenya na Uingereza mnamo Julai 2021 yaliwafungulia wauguzi wa Kenya njia rasmi ya kuajiriwa nchini humo. Muuguzi wa Meru au Embu anayepewa kazi kama hiyo hukabiliwa na swali moja: ni mshahara upi utakaomwezesha kuishi kama alivyoishi nyumbani?

Chukulia kwamba bei huko ziko juu kwa asilimia 150. Maana yake ni kuwa kitu cha Sh100 mjini Embu kitauzwa kwa Sh250, wala si Sh150. Kwa hivyo gharama huzidishwa kwa 2.5. Hata hivyo, si mshahara wote unaozidishwa, bali ni ile sehemu inayotumiwa ugenini pekee.

Tuseme muuguzi huyo hubaki na Sh55,000 kila mwezi baada ya makato. Hutumia Sh40,000 kwa kodi ya nyumba, chakula na nauli, na Sh15,000 huwapelekea wazazi wake Meru. Aidha, hupata maziwa, ndizi na mahindi kutoka shambani kwao, vitu ambavyo sokoni vingemgharimu Sh5,000. Ugenini atalazimika kuvinunua, hivyo matumizi yake halisi ni Sh45,000.

Kiasi hicho kikizidishwa kwa 2.5 hufika Sh112,500. Zile Sh15,000 za wazazi hazizidishwi, kwa kuwa zitatumiwa kwa bei za Meru. Jumla ni Sh127,500, yaani mara 2.3 hivi ya anachopokea sasa.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwani kiasi hicho ni cha kutia mfukoni, ilhali barua ya ajira hutaja mshahara kabla ya ushuru, bima ya taifa na mchango wa pensheni. Iwapo makato yatachukua asilimia 25, atabakiwa na asilimia 75. Hesabu sahihi ni kugawanya Sh127,500 kwa 0.75, nayo hutoa Sh170,000. Anayeongeza asilimia 25 juu ya Sh127,500 hupata Sh159,375, na baada ya makato hubaki na takriban Sh119,500. Atakuwa amepungukiwa na karibu Sh8,000 kila mwezi.

Hesabu hii hutegemea pia thamani ya shilingi. Mapema mwaka wa 2024 dola moja ilibadilishwa kwa takriban Sh160, lakini kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu Sh130. Shilingi inapoimarika hivyo, anayelipwa kwa sarafu ya kigeni hulazimika kutenga sehemu kubwa zaidi ya mshahara wake ili wazazi wapokee Sh15,000 zile zile.