Fumbo la herufi: jinsi ujumbe wa siri unavyofumbuliwa

Mwaka 1586 Malkia Mary wa Uskoti, akiwa kizuizini Uingereza, alipokea na kuandika barua za siri kwa alama zilizochukua nafasi ya herufi. Mfumbuzi Thomas Phelippes alizisoma. Mary alikatwa kichwa mwaka uliofuata.

Je, siri ya namna hiyo hufumbuliwaje? Tuchukue fumbo jepesi la Kiingereza, ambamo kila herufi imebadilishwa na nyingine, na badiliko ni lilelile mwanzo hadi mwisho:

```
Q BXF'K WJPP X DRXK KVXK QWF'K ZQFJ
```

Kwanza, hesabu herufi. K imetokea mara 5, ikifuatiwa na X mara 4. Katika maandishi marefu ya Kiingereza, E ndiyo huongoza, takriban mara 12 katika kila herufi 100, kisha T. Je, K ni E? Usikate shauri bado. Ujumbe huu ni mfupi, na hesabu ya ujumbe mfupi hudanganya.

Pili, tazama ritifaa, ile alama iliyo katika neno ng'ombe. Kwa Kiingereza, herufi moja inayobaki baada yake mwishoni mwa neno kwa kawaida ni T, S, D au M. Kwa hiyo K si E. Tena maneno mawili yanaishia F'K, nao mwisho wa N'T ni wa kawaida sana. Tujaribu F kuwa N, na K kuwa T.

Tatu, tazama maneno ya herufi moja. Kiingereza kina mawili tu ya kawaida, A na I. Hapa tuna Q na X. X ikiwa A, BXF'K huwa CAN'T na KVXK huwa THAT. Ikiwa I, CAN'T haipatikani. Basi X ni A, Q ni I, na QWF'K ni ISN'T.

Sasa W ni S, hivyo WJPP, yenye herufi pacha mwishoni, ni SELL. Tumepata: I CAN'T SELL A ..AT THAT ISN'T .INE.

Hapa ndipo njia inapoishia. Neno lililokosa herufi mbili laweza kuwa GOAT, mbuzi, au BOAT, mashua. La mwisho laweza kuwa MINE, yangu, au FINE, nzuri. D, R na Z zimetokea mara moja moja tu, hivyo hakuna neno jingine la kuzithibitisha. Anayeapa kwamba ni mbuzi anakisia. Ujumbe mrefu zaidi ungemaliza ubishi.

Na kama fumbo ni la Kiswahili? Anza na A, herufi inayoongoza kwetu. Ritifaa nayo karibu daima humaanisha kwamba herufi mbili zilizoitangulia ni N na G.