Ukimya teule na kukataa shule

Ukimya teule ni hali ya mtoto anayeongea vizuri nyumbani lakini anashindwa kutoa sauti mahali pengine, hasa darasani, kutokana na wasiwasi mkubwa. Mara nyingine huambatana na kukataa shule, yaani mtoto kushindwa kwenda shuleni kwa sababu ya hofu. Kukataa shule ni tofauti na utoro: mtoro huwaficha wazazi wake, kumbe mtoto mwenye hofu hubaki nyumbani huku wazazi wakijua.

Historia ya jina

Mwaka 1877 daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alieleza habari za watu walionyamaza katika mazingira fulani ingawa waliweza kusema. Mwaka 1934 Moritz Tramer aliipa hali hiyo jina lililodokeza kwamba mtoto ameamua kunyamaza. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotolewa nchini Marekani ulibadilisha jina hilo mwaka 1994, na katika toleo la mwaka 2013 uliiweka hali hiyo kati ya matatizo ya wasiwasi. Hivyo ukimya huo hauhesabiwi tena kuwa ukaidi.

Dalili

Ukimya huhesabiwa kuwa tatizo ukidumu walau mwezi mmoja, bila kuhesabu mwezi wa kwanza wa shule, kwa kuwa watoto wengi hunyamaza wakiwa wageni. Mtoto ambaye nyumbani husema Kisukuma au Kiluo tu anaweza kukaa kimya kwa sababu bado hajui lugha ya darasani. Huyo anahitaji muda na mafundisho ya lugha. Inafaa pia kupima masikio.

Anayekataa shule huumwa tumbo au kichwa asubuhi ya siku za masomo, lakini Jumamosi hucheza bila shida. Maumivu hayo ni ya kweli, hata kama daktari haoni ugonjwa.

Jinsi hofu inavyokua

Mwalimu anauliza, mtoto anaganda, mwenzake anajibu badala yake. Papo hapo hofu inashuka, na mtoto anajifunza kwamba kunyamaza kunaleta nafuu. Vivyo hivyo, kila siku anayoruhusiwa kubaki nyumbani hufanya kesho yake iwe ngumu zaidi. Kumlazimisha kusema mbele ya darasa, kumchapa au kumwahidi zawadi kubwa huongeza hofu.

Ushirikiano wa mwalimu na mzazi

Kwanza mzazi na mwalimu hulinganisha wanayoyaona: mtoto anaongea na nani, wapi, na kwa sauti gani. Mzazi anaweza kumrekodi kwa simu akisoma nyumbani, mtoto akikubali, ili mwalimu ajue kiwango chake cha kusoma bila kumpa sifuri kwa ukimya.

Kwa mfano, mtoto wa darasa la kwanza anaongea na mama tu. Mama anafika naye nusu saa kabla ya gwaride, wakacheza katika darasa tupu. Siku za kwanza mwalimu anapita mlangoni tu. Mtoto akiendelea kuongea, mwalimu anakaa ndani akisahihisha madaftari, bila kumtazama wala kumwuliza kitu. Baadaye anasogea na kusimulia mchezo unavyokwenda. Ndipo anauliza swali lenye majibu mawili, kama "Nyekundu au bluu?", kisha anangoja kama sekunde tano bila kurudia. Akijibiwa hata kwa mnong'ono, anarudia neno hilo kwa utulivu na mchezo unaendelea, bila shangwe.

Mama hujitenga polepole hadi mlangoni, kisha nje. Halafu anaongezwa rafiki mmoja, baadaye wawili, mpaka kikundi kidogo wakati wa kipindi. Mtoto akinyamaza tena, hatua iliyopita ilikuwa fupi mno. Hurudiwa mpaka aizoee.

Anayekataa shule hurudishwa kwa ngazi vilevile: kwanza kipindi kimoja anachokimudu, kisha nusu siku, hatimaye siku nzima. Mtu yuleyule humpokea getini kila asubuhi, na mzazi huaga kwa ufupi na kuondoka. Akibaki nyumbani, saa za masomo hazigeuki kuwa za runinga.

Mipaka

Kabla ya kuanza ni lazima kuchunguza kama shuleni kuna jambo la kutisha kweli: uonevu, viboko, vyoo visivyo salama au unyanyasaji. Hapo hatari yenyewe huondolewa kwanza, maana kumzoesha mtoto hatari si tiba. Katika darasa lenye wanafunzi wengi, mwalimu anaweza kumudu dakika 10 tu kwa siku. Hizo husaidia zikiwa za kila siku. Mtoto asipopiga hatua baada ya wiki kadhaa, au akiacha kula, kulala au kuongea hata nyumbani, hupelekwa hospitali yenye huduma ya afya ya akili.