Baba ya Mandela alifukuzwa mwaka gani? Sura ya kwanza ya vitabu vya wanapolitiki



Wengi wetu tukiwa na kazi ya kuandika juu ya kiongozi fulani tunafanya vilevile. Tunatafuta kitabu cha maisha yake, tunafungua sura ya kwanza, tunachukua: alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, alisoma wapi, kazi yake ya kwanza ilikuwa gani. Mambo ya mamlaka na vita tunayatilia shaka, tunajua mwanapolitiki anajitetea. Lakini utoto? Tunaona hiyo njo sehemu yenye haina politiki, basi tunaiandika sawa vile iko.

Mimi naona ni kinyume. Sura ya utoto njo sehemu yenye haina shahidi mwingi, na mara nyingi mwenye kitabu mwenyewe hakuona anayoyasimulia. Nitachukua kitabu kimoja chenye karibu sisi wote tunakijua, cha mtu tunayemheshimu, ili msifikiri natafuta waongo. Ni Long Walk to Freedom ya Nelson Mandela, kilichotoka mwisho wa 1994.

Kwanza tuone kitabu kilitengenezwa namna gani. Mwaka 1975, ndani ya gereza la Robben Island, Mandela alianza kuandika maisha yake kwa siri, usiku. Wazo lilitoka kwa wenzake Ahmed Kathrada na Walter Sisulu. Kurasa zilipita kwao wakatoa mawazo yao, halafu Mac Maharaj na Laloo Chiba wakazinakili kwa herufi ndogo sana ili zifichwe. Maharaj alipofunguliwa mwaka 1976 alitoka nazo. Lakini kitabu hakikutoka wakati ule. Mandela alipokuwa huru, mwandishi wa habari wa Amerika, Richard Stengel, alikaa naye saa nyingi sana akimrekodi, akachanganya sauti ile na maandishi ya gereza, akajenga kitabu tunachokisoma. Mandela mwenyewe anamshukuru Stengel mwanzoni mwa kitabu. Kwenye jalada kuna jina moja tu.

Kwa hiyo Stengel ni mwandishi wa kivuli, na hakuna siri hapo. Ila tuelewe kazi ya mtu kama huyo. Hakuitwa kuchunguza, aliitwa kusaidia mzee aseme vizuri. Mzee alikuwa anakimbia kati ya mazungumzo na uchaguzi wa Aprili 1994. Mwandishi wa kivuli anauliza, anasikiliza, anapanga. Akisikia hadithi nzuri ya baba, haendi kwanza kupekua dosye za wakoloni ili aone kama ni kweli. Haimaanishi amebuni kitu. Inamaanisha tu kwamba kuhakikisha hakukuwa kazi yake.

Sasa hiyo hadithi ya baba. Gadla Henry Mandela alikuwa chifu wa kijiji cha Mvezo, katika Transkei. Kitabu kinasema kwamba Nelson alipokuwa bado kitoto kichanga, mtu mmoja wa kijiji alimshtaki baba yake juu ya ng'ombe aliyepotea. Hakimu mzungu akamwita Gadla, Gadla akakataa kwenda, kwa sababu katika mambo ya kimila alijiona yuko chini ya mfalme wa Wathembu, hayuko chini ya hakimu. Hakimu akamfukuza kwa kosa la kutotii, bila uchunguzi wowote. Familia ikapoteza mali, na mama akahamia Qunu pamoja na mtoto.

Ni hadithi yenye nguvu. Ukiisoma unaona mara moja mtoto alirithi wapi kichwa ngumu. Na kitabu chenyewe kinataka tuone hivyo.

Halafu watu wa historia wakaenda kwenye arishive. Mwandishi David James Smith, katika kitabu chake juu ya ujana wa Mandela kilichotoka 2010, na mwanahistoria Philip Bonner baada yake, walionyesha kwamba dosye ya Gadla ipo. Inasema kitu kingine: alifukuzwa mwaka 1926, baada ya uchunguzi, kwa mashtaka ya kutumia vibaya madaraka yake katika kugawa mashamba.

Tulinganishe polepole. Mandela alizaliwa tarehe 18 Julai 1918. Kama baba alifukuzwa mwaka 1926, Nelson hakuwa kitoto kichanga, alikuwa na karibu miaka 8. Sababu pia haifanani: kule ng'ombe na heshima ya mila, huku mashamba. Na kitabu kinasema hakukuwa na uchunguzi, wakati uchunguzi ulifanyika. Mambo matatu ndani ya hadithi moja fupi.

Je, Mandela alidanganya? Sioni sababu ya kusema hivyo. Mtoto hawezi kujua yaliyosemwa mbele ya hakimu. Alichopata ni maneno ya nyumbani, na nani nyumbani angemwambia mtoto kwamba baba ameshtakiwa juu ya mashamba ya watu? Familia ilihifadhi toleo lenye heshima, na yeye akalibeba miaka yote. Sisi wa agronomi tunajua kitu hiki: ukimuuliza mkulima alivuna magunia mangapi miaka mitano iliyopita, atakupa namba bila kusitasita, na hakudanganyi. Lakini namba ile imeshapita katika mavuno yote yaliyofuata, haifanani tena na ile ya mizani.

Ila tusiruke upande mwingine pia. Dosye ya mkoloni siyo Biblia. Imeandikwa na serikali ileile iliyotaka machifu watiifu. Inawezekana mashtaka yalikuwa ya kweli, na inawezekana pia hakimu aliyafurahia juu yalimpa njia ya kumtoa mtu mgumu. Juu ya sababu, arishive inatupa upande mmoja na familia upande mwingine. Lakini juu ya mwaka, na juu ya swali kama uchunguzi ulifanyika ao hapana, karatasi iliyoandikwa siku zile ina uzito kuliko kumbukumbu ya miaka karibu 70 baadaye.

Mfano wa pili ni kifo cha baba huyohuyo. Kitabu kinasema Nelson alikuwa na miaka 9. Leo Shirika la Nelson Mandela, lile linalotunza karatasi zake, linaandika kwamba baba alikufa mwaka 1930, Nelson akiwa na miaka 12. Tofauti ya miaka mitatu inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayosema mtoto alilelewa na baba mpaka umri gani, na aliingia lini katika nyumba ya Jongintaba, mtawala wa Wathembu aliyemlea. Ukiwa umejenga ukurasa mzima juu ya yatima wa miaka 9, ukurasa ule umeanguka.

Sasa tupande kwenye masomo na kazi za kwanza. Hapa kitabu kinasimama vizuri zaidi, na sababu ni rahisi: mambo haya yaliacha karatasi mahali pengine, nje ya familia. Kwamba alifunga safari kwenda Johannesburg mwaka 1941, kwamba alifungua ofisi ya wanasheria pamoja na Oliver Tambo mwaka 1952, hayo yana mashahidi wengi. Kuna hata mambo yasiyompendeza: anakubali kwamba alianguka mitihani ya sheria katika iniversite ya Witwatersrand na akaondoka bila diploma ile. Mtu akisema kitu kinachomshusha, na rejista ya shule inasema vilevile, unaweza kuandika bila kutetemeka.

Lakini hata katika kazi za mwanzo kuna shimo. Kitabu hakisemi kwamba Mandela alikuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti. Desemba 2013, mara tu alipokufa, chama hicho kilitangaza kwamba alipokamatwa Agosti 1962 alikuwa mwanachama, tena katika kamati yake kuu. Kwa nini kitabu kinyamaze? Kumbukeni kwamba mwaka 1964, mahakamani, akiwa mbele ya hatari ya kunyongwa, alikana uanachama huo. Neno likishasemwa mahakamani haligeuki kirahisi. Na mwaka 1994 alikuwa rais mpya mwenye kutuliza wazungu na wenye pesa. Hiyo ya mwisho ni maoni yangu, lakini namna ya kufikiri ni muhimu: usiangalie tu mwaka wa tukio, angalia na mwaka wa kitabu.

Turudi nyumbani. Mobutu alitoa Dignité pour l'Afrique mwaka 1989, na ni mazungumzo na mwandishi wa habari Mufaransa, Jean-Louis Remilleux. Pale jina la msaidizi linaonekana, lakini kazi ni ileile: mmoja anasimulia, mwingine anapanga, hakuna anayehakikisha. Mobutu alizaliwa Lisala mwaka 1930, na baba yake, aliyekuwa mpishi, alikufa Joseph-Désiré akiwa angali mtoto. Juu ya miaka ile karatasi ni chache, kwa hiyo sehemu kubwa ni maneno yake. Lakini miaka ya Force Publique iliacha rejista za jeshi, na alipoanza kuandika magazetini, kwa jina la De Banzy, magazeti yenyewe yalibaki. Mtu anayetaka kujua kijana Mobutu alifikiri nini kabla ya 1960 asome kwanza yale aliyoandika siku zile, njo aje asikilize anavyosema rais mwenye karibu miaka 60 ametawala zaidi ya 20.

Basi, mbele ya kila sentensi ya sura ya kwanza, mimi ninauliza maswali matatu. Mwenye kitabu aliona mwenyewe, ao aliambiwa? Jambo hili liliacha karatasi nje ya familia yake: rejista ya ubatizo, ya shule, ya jeshi, gazeti, dosye ya hakimu? Na mwaka kitabu kilipotoka, nani alifaidika na toleo hili?

Hata usipopata arishive, bado unaweza kuandika sawasawa. Usiandike «baba ya Mandela alifukuzwa kwa kukataa amri ya hakimu». Andika «kufuatana na kitabu chake cha 1994, Mandela alielezwa kwamba baba yake alifukuzwa kwa kukataa amri ya hakimu, dosye ya 1926 inataja ugawaji wa mashamba». Sentensi imerefuka kidogo. Lakini ya kwanza profesa mmoja tu mwenye dosye mkononi anaiangusha siku ya kujitetea, na ya pili haianguki.