Doa kwenye eksirei ya mfupa: lipi linakua polepole, lipi linakua kwa kasi?

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 14 hapa Tengeru aliyeumia goti uwanjani. Eksirei haionyeshi mvunjiko, lakini juu kidogo ya goti, kwenye mfupa wa paja, kuna doa jeusi. Wazazi huwaza saratani papo hapo. Kabla ya kufika huko, mtaalamu wa mionzi huangalia mambo mawili yanayoonyesha kasi ya kitu hicho.

Ukingo wa doa

Mfupa ni kiungo hai. Kitu kinachokua polepole huupa muda wa kujenga ukuta wa kukizunguka, na ukuta huo huonekana kama mstari mweupe unaoweza kuufuatisha kwa kalamu. Kitu kinachokua kwa kasi hakitoi muda huo. Doa hufifia bila mpaka, au mfupa huonekana na vitundu vingi kama nguo iliyoliwa na nondo. Daktari Mmarekani Gwilym Lodwick ndiye aliyezipanga kingo hizi kwa madaraja.

Ganda na utando wa mfupa

Uvimbe wa polepole unaweza kulisukuma ganda la mfupa bila kulitoboa. Utando wa nje ukichokozwa taratibu, hujenga tabaka moja nene na laini. Uvimbe wa kasi hulitoboa ganda, na utando hutoa tabaka nyembamba kama maganda ya kitunguu, au miale kama ya jua. Pale utando unapoinuliwa ghafla, hubaki kona inayoitwa pembetatu ya Codman.

Turudi kwa kijana

Doa lake liko pembeni, limegusana na ganda, lina mstari mweupe, na utando umetulia. Kabla ya kuanguka hakuwa na maumivu. Hii ni alama ya uvimbe usio saratani unaoonekana sana kwa watoto, ambao kwa kawaida hujaa mfupa wenyewe anapokua. Hauhitaji kukatwa kinyama.

Lakini mahali hapohapo, kwa umri huohuo, ndipo saratani ya mfupa hupenda kuanzia. Ukingo ukiwa umefifia, kuna miale, na maumivu yanamwamsha usiku, apelekwe haraka kwenye hospitali ya rufaa. Kinyama kichukuliwe na timu itakayomfanyia upasuaji.

Mipaka ya picha

Kasi si lazima iwe saratani: usaha ndani ya mfupa huweza kufanana nayo kabisa. Pia eksirei huchelewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya madini ya mfupa lazima ipotee kabla doa halijaonekana. Maumivu yakiendelea, picha irudiwe.

Kwa wakazi wa Maji ya Chai na Ngurdoto, floraidi nyingi ya maji inaweza kuifanya mifupa ionekane myeupe kupita kawaida. Weupe huo hutanda hasa kwenye uti wa mgongo na nyonga, pande zote mbili. Uvimbe hukaa mahali pamoja.